Kuomba SACCOS Ikuongezee Kiwango cha Mkopo: Jenga Hoja kwa Akiba na Marejesho Yako

Barua nyingi za kuomba kiwango kikubwa cha mkopo huanza na shida: ada za watoto, nyumba iliyofika kwenye lenta, biashara inayodai mtaji. Nimekaa kwenye kamati ya mikopo na nimezisoma barua hizo kwa huruma ya kweli, lakini huruma haiingii kwenye muhtasari wa kikao. Kinachoingia ni namba. Mwanachama anayekuja na namba zake zimepangwa vizuri anairahisishia kamati kusema ndiyo, kwa sababu kesho mkaguzi au kamati ya usimamizi ikiuliza kwa nini fulani alipewa zaidi ya wenzake, jibu lipo kwenye faili.

Mwongozo huu ni wa mwanachama wa SACCOS ya Tanzania ambaye ameshakopa na kulipa, na sasa anaona kiwango alichowekewa kimekuwa kidogo kuliko historia yake. Nitaueleza kwa mfano mmoja tutakaokwenda nao mwanzo hadi mwisho: mama anayeuza mahindi na maharage Dodoma mjini, mzigo wake akiununua soko la Kibaigwa. Mfano nimeutunga, ila namba zake zimepigwa hesabu kamili ili uweze kuweka zako mahali pake.

Kwanza jua ni kipi kinachokubana

Watu husema "SACCOS yetu inatoa mara tatu ya akiba" wakadhani hiyo ndiyo habari yote. Kamati hupima vitu vitatu, na kile kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachoamua. Cha kwanza ni akiba yako mara kiwango kilichowekwa na sera ya mikopo. Cha pili ni uwezo wako wa kulipa rejesho kila mwezi. Cha tatu ni dhamana, yaani wadhamini au mali ya kufidia sehemu ya mkopo ambayo akiba yako haiifikii. Ukibanwa na uwezo wa kulipa, halafu ukaandika kurasa mbili kusifia akiba yako, umejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kwa hiyo nenda ofisini uombe kusoma masharti ya chama na sera ya mikopo. Wewe ni mwanachama, hivyo nyaraka hizo ni zako pia. Tafuta mambo machache: ni mara ngapi ya akiba kwa mkopaji wa kwanza, na lini mtu anapanda, kuchelewa rejesho kunahesabiwa kuanzia siku ya ngapi, muda mrefu zaidi wa kulipa ni miezi mingapi, na nani ana mamlaka ya kuidhinisha kiasi kipi, maana kwenye vyama vingi kiasi kikivuka kiwango fulani ombi hutoka kamati ya mikopo likaenda bodi.

Angalia pia kama hisa zinahesabiwa. Kwa kawaida hesabu hufanyika kwenye akiba, na hisa haziguswi. Wapo wanachama wanaojumlisha vyote viwili na kufika mbele ya kamati na namba iliyokosewa tangu mstari wa kwanza.

Sera ya SACCOS ya mama yetu inasema hivi: mkopaji hupata mara mbili ya akiba, anaweza kupandishwa hadi mara tatu akishamaliza mikopo miwili bila rejesho lolote kuchelewa zaidi ya siku 30, muda wa juu ni miezi 24, riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Neno la kuangalia hapo ni "anaweza". Hapandishwi moja kwa moja, lazima aombe na kamati iridhike. Hapo ndipo penye nafasi ya hoja. Kama sera ingesema mara mbili kwa wote, kamati isingekuwa na uwezo wa kumpa mara tatu hata ingempenda vipi. Hilo lingekuwa suala la kubadili sera, na njia yake ni kwenye bodi na mkutano mkuu.

Chukua taarifa ya akaunti na uisome mstari kwa mstari

Omba taarifa ya akiba na taarifa ya mikopo yote tangu ulipojiunga, zilizopigwa muhuri. Usiridhike na salio la mwisho pekee, kwa sababu hoja yako imo katika mwenendo wa miezi yote.

Mama yetu ana akiba ya Sh. 3,800,000. Aliifikisha kwa kuweka Sh. 100,000 kila mwezi kwa miezi 38 bila kuruka mwezi. Hiyo ni nguvu kubwa kuliko kiasi chenyewe. Mtu mwenye akiba hiyohiyo ambaye Sh. 2,000,000 kati yake ziliingia kwa mkupuo wiki tatu kabla ya kuomba, kamati itamuuliza zimetoka wapi. Mara nyingi zimeazimwa, wakati mwingine kwa wakopeshaji wa kausha damu, ili mkopo ukitoka zirudishwe. Ndiyo maana sera nyingi hudai akiba ikae miezi kadhaa kabla ya kuhesabiwa. Kama umeingiza mkupuo halali, labda umeuza kiwanja au umepata kiinua mgongo, ambatisha ushahidi wake hata kabla hujaulizwa.

Kisha toa akiba iliyofungwa. Mama huyu amemdhamini mwenzake, na Sh. 800,000 za akiba yake zimeshikiliwa mpaka mwenzake amalize deni. Akiba yake huru ni Sh. 3,000,000, na hesabu zote zitaanzia hapo. Mara mbili ni Sh. 6,000,000, mara tatu ni Sh. 9,000,000. Wengi husahau waliowadhamini, halafu hushangaa ombi likipunguzwa. Ikiwa uliyemdhamini ameshamaliza, hakikisha ofisi imekufungulia dhamana hiyo kwenye mfumo, kwa sababu mara nyingine deni hufungwa na dhamana ikabaki imeandikwa.

Sasa upande wa marejesho. Mkopo wa kwanza ulikuwa Sh. 1,500,000 kwa miezi 12, wa pili Sh. 4,000,000 kwa miezi 18. Jumla ni marejesho 30. Taarifa ya ofisi inaonyesha mawili yamechelewa: rejesho la nne la mkopo wa kwanza kwa siku sita, na la tisa la mkopo wa pili kwa siku 19.

Alipokagua ujumbe wa malipo kwenye simu, aliona lile la nne alilituma siku ileile ya mwisho. Fedha ziliingia kwenye akaunti ya chama, ila mhasibu aliziandika wiki iliyofuata kwa tarehe ya kuandika badala ya tarehe ya kulipa. Makosa ya namna hii yapo sana pale malipo yanapopita kwa simu au wakala na namba ya uanachama ikakosewa tarakimu moja. Kwa mtumishi anayekatwa kwenye mshahara, sura yake ni nyingine: mwajiri amekata tarehe 25 lakini akachelewa kuwasilisha chama, na mwanachama anaonekana mdaiwa sugu. Hapo hati ya mshahara inayoonyesha makato ndiyo ushahidi wako.

Peleka marekebisho kwa maandishi kabla ya kuomba mkopo, na usubiri hadi taarifa mpya itoke. Ukiyaleta siku ya kikao, kamati itaona mtu anayebishana na kumbukumbu, na wajumbe hawana namna ya kuthibitisha palepale.

Rejesho la tisa lilichelewa kweli. Mteja wa jumla alichukua magunia kwa mkopo akachelewa kulipa. Kosa la aina hii usilifiche wala usililie. Sema siku ngapi, kwa nini, ulilimalizaje, na nini kimebadilika. Mama alimpigia meneja simu kabla ya tarehe kufika, akalipa pamoja na faini, na tangu hapo haachii mzigo kwa mkopo kwa mteja yeyote. Marejesho tisa yaliyofuata yote yaliingia kwa wakati, na hayo tisa ndiyo yanayoithibitisha kauli yake.

Pima uwezo kwa mwezi mbaya

Hapa ndipo maombi mengi mazuri huanguka. Mwombaji anaonyesha wastani wa faida wa mwaka, lakini rejesho halilipwi kwa wastani. Linalipwa Februari, na linalipwa Machi.

Biashara ya mama huingiza faida ya takriban Sh. 950,000 katika mwezi wa kawaida, baada ya kutoa gharama za biashara yenyewe. Februari hadi Aprili, kabla ya mavuno, mahindi yakipanda bei Kibaigwa na mtaji uleule ukanunua magunia machache, faida hushuka hadi Sh. 740,000. Matumizi ya nyumbani ni Sh. 270,000. Kwa hiyo mwezi mzuri unamwachia Sh. 680,000, mwezi mbaya Sh. 470,000. Namba ya kufanyia kazi ni hiyo ya pili.

Rejesho unaweza kulipiga kwenye simu au kompyuta kwa fomula ya Excel. Kwa mkopo wa Sh. 7,000,000, miezi 24, riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi:

```
=PMT(0.015,24,-7000000)
```

Jibu ni karibu Sh. 349,500. Vyama vingine hugawa mtaji sawasawa kila mwezi na kuongeza riba ya salio, kwa hiyo rejesho la mwanzo huwa kubwa na la mwisho dogo. Waulize wanatumia njia ipi, maana kwa njia hiyo ya pili rejesho la kwanza la mkopo huuhuu lingekuwa karibu Sh. 396,700.

Ongeza akiba ya lazima ya kila mwezi, kwa sababu huachi kuweka akiba eti kwa kuwa umekopa. Kwa mama, Sh. 349,500 na Sh. 100,000 ni Sh. 449,500. Mwezi mbaya unaibeba, kwa mwanya mdogo wa Sh. 20,500. Je, angeomba Sh. 8,000,000? Rejesho ni Sh. 399,400, na pamoja na akiba ni Sh. 499,400. Mwezi mbaya haufiki. Sh. 9,000,000, ambazo mara tatu inaziruhusu, zinadai Sh. 549,300 kwa mwezi pamoja na akiba. Akiomba hizo atakataliwa au atapunguziwa, na akipewa kwa bahati mbaya atachelewa kila Machi, historia aliyoijenga kwa zaidi ya miaka mitatu iharibike.

Basi anaomba Sh. 7,000,000. Tazama kilichotokea: akiba inaruhusu tisa, uwezo unaruhusu saba, kwa hiyo kinachombana sasa ni uwezo. Na kati ya hizo saba, sita angezipata bila hoja yoyote. Anachoiomba kamati ni Sh. 1,000,000 juu ya kiwango chake cha sasa, sawa na mara 2.33 ya akiba huru. Ombi likisemwa hivyo huonekana kwa ukubwa wake halisi.

Ipo namba moja zaidi ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Wakati wa mkopo wa pili alikuwa akileta rejesho la Sh. 255,200 na akiba ya Sh. 100,000, jumla Sh. 355,200 kila mwezi. Mkopo mpya unadai Sh. 449,500. Tofauti ni Sh. 94,300. Hahitaji tena kuishawishi kamati kwamba anaweza kuleta laki tatu na nusu, kwa kuwa ameshazileta kwa miezi 18. Kinachobaki kuthibitishwa ni hizo elfu tisini na nne, na kwa hilo daftari la mauzo la miezi 12 na stakabadhi za ununuzi zinatosha. Kama huna daftari, anza leo na usubiri miezi sita. Taarifa ya miamala ya simu husaidia, lakini huchanganya fedha za biashara na za nyumbani, na mjumbe makini ataliuliza hilo.

Kwa mwajiriwa hesabu ni fupi zaidi: makato yote yakishatolewa, theluthi moja ya mshahara wa msingi lazima ibaki. Kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, huenda kinachokubana ni hicho, na kuongeza akiba SACCOS hakutakusaidia hadi deni la benki lipungue. Taja madeni yako yote, ya mtandaoni yakiwemo. Deni dogo lililofichwa likijulikana huangusha ombi ambalo deni hilo, likitajwa, lisingeliangusha.

Wadhamini, na wakati wa kuomba

Mkopo wa Sh. 7,000,000 toa akiba huru ya Sh. 3,000,000, unabaki na Sh. 4,000,000 za kufidiwa. Mama amepata wadhamini watatu wenye akiba huru ya Sh. 1,800,000, Sh. 1,400,000 na Sh. 1,100,000, jumla Sh. 4,300,000. Kila mmoja amethibitisha kiasi hicho ofisini kabla ya kusaini. Mdhamini mwenye akiba kubwa ambayo yote imefungwa kwa wengine hana anachokudhamini nacho. Epuka pia kudhaminiana ninyi kwa ninyi, wewe kwangu na mimi kwako, kwa sababu mmoja akiyumba wote wawili mnanaswa, na kamati hulijua hilo.

Kuhusu wakati, ni bora kuomba mkopo uliopo ukishaisha. Mama alipobakiza marejesho manne alikuwa anadaiwa kama Sh. 984,000. Angeomba wakati huo, salio lingekatwa kwenye mkopo mpya, na angebaki na mkopo wa pili ambao haujakamilika kwenye sera inayodai miwili iliyokamilika. Alisubiri miezi minne.

Barua

Ukurasa mmoja unatosha. Viambatisho ndivyo vinavyobeba ushahidi. Ya mama yetu ingekuwa hivi:

> Mwenyekiti,
> Kamati ya Mikopo,
> K.k. Meneja wa SACCOS.
>
> YAH: OMBI LA KUPANDISHWA KIWANGO CHA MKOPO HADI SH. 7,000,000
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanachama namba … Ninaomba mkopo wa Sh. 7,000,000 kwa miezi 24 kwa ajili ya mtaji wa mahindi na maharage, kwa kifungu cha sera ya mikopo kinachoruhusu hadi mara tatu ya akiba kwa aliyemaliza mikopo miwili.
>
> Akiba yangu ni Sh. 3,800,000, iliyowekwa kwa miezi 38 mfululizo. Sh. 800,000 zimeshikiliwa kwa udhamini, hivyo akiba huru ni Sh. 3,000,000. Ninachoomba ni mara 2.33 ya akiba hiyo.
>
> Nimemaliza mikopo miwili, ya Sh. 1,500,000 na Sh. 4,000,000. Kati ya marejesho 30, 29 yalilipwa kwa wakati. Rejesho la tisa la mkopo wa pili lilichelewa siku 19 kwa sababu mteja wa jumla alichelewa kunilipa. Nilitoa taarifa kwa Meneja kabla ya tarehe, nililipa na faini, na sasa siuzi kwa mkopo. Marejesho tisa yaliyofuata yalilipwa kwa wakati.
>
> Kwa mkopo uliopita nilileta chamani Sh. 355,200 kila mwezi, rejesho na akiba. Mkopo huu utahitaji Sh. 449,500. Katika miezi ya faida ndogo, Februari hadi Aprili, nabaki na Sh. 470,000 baada ya matumizi ya nyumbani. Daftari la mauzo la miezi 12 limeambatishwa.
>
> Wadhamini watatu wana akiba huru ya Sh. 4,300,000 dhidi ya Sh. 4,000,000 zinazohitajika. Iwapo Kamati itaona kiasi hiki hakiwezekani kwa sasa, naomba nielezwe kwa maandishi ni kigezo gani sijakifikia.
>
> Wako katika ushirika,
> …

Sentensi ya mwisho ya barua isiachwe. Bila hiyo utaambiwa "kamati haikuridhika", na hutajua urekebishe nini. Usiandike ulinganisho na mwanachama mwingine, "fulani alipewa". Hujui faili lake lina nini, na kamati hairuhusiwi kulijadili na wewe.

Siku ya kikao, na baada yake

Ukiitwa, utaulizwa zaidi kuhusu mwezi mbaya na kuhusu rejesho lililochelewa. Jibu kwa namba zilezile zilizo kwenye barua. Wajumbe huuliza pia utafanyaje gari la mzigo likipata ajali au bei ikianguka, na jibu linaloeleweka ni fedha iliyopo, kwa mfano Sh. 450,000 zilizotengwa pembeni, ambazo ni rejesho na akiba ya mwezi mmoja. Kwa mwanya mwembamba kama wa mama yetu, akiba hiyo ya dharura ni ya lazima.

Wakikupa pungufu, kwa mfano Sh. 6,000,000, uliza kwanza sababu kabla ya kusaini. Wakati mwingine si wewe. Chama chenyewe hakina fedha za kutosha mwezi huo, na foleni ya mikopo ni ndefu. Katika hali hiyo unaweza kuuliza kama kiwango kipya kinaweza kuidhinishwa sasa na fedha zitoke baadaye. Sababu ikiwa ni uwezo, chukua pungufu, ulipe, na urudi na miezi mingine ya ushahidi.

Ukikataliwa bila sababu, au kwa sababu inayopingana na sera iliyoandikwa, andikia bodi ukiambatisha kifungu husika na barua ya kamati. Bodi isipojibu, ofisi ya afisa ushirika wa wilaya ndiyo inayofuata, kwa kuwa SACCOS husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Afisa hawezi kuilazimisha kamati ikupe mkopo, ila anaweza kuuliza kama sera ya chama imefuatwa. Wakati hayo yakiendelea usisitishe akiba ya mwezi. Mwezi mmoja uliorukwa kwa hasira utaonekana kwenye taarifa utakayoiomba tena mwakani.